Kwizi iliyotoka kwenye madaftari: kisa cha kugeuza mwongozo wa titresheni kuwa maandalizi ya kabla ya maabara

Kisa hiki ni cha sekondari moja ya bweni nchini Tanzania. Jina la shule, mkoa na watu wake vimeondolewa. Kinahusu praktiko moja tu ya Kemia ya Kidato cha Tatu: kupima ukolezi wa asidi kwa titresheni, yaani kuidondosha kidogokidogo kwenye besi ya ukolezi unaojulikana hadi kiashiria kibadilike rangi.

Mazingira

Darasa lilikuwa na mikondo miwili, na kila mkondo uliingia maabara kwa zamu. Meza zilikuwa 12, wanafunzi wawiliwawili au watatu kwa kila meza. Praktiko ilipewa vipindi viwili vya dakika 40 vilivyoungana, yaani dakika 80 kuanzia mlango unapofunguliwa hadi vyombo vinapooshwa.

Mwongozo uliotumika ulikuwa kijitabu cha Kiingereza kilichochapwa shuleni miaka kadhaa nyuma na kutolewa nakala kila mwaka. Kwa titresheni ulikuwa na kurasa mbili: orodha ya vifaa, hatua 14, jedwali la kujaza na maswali ya mwisho. Asidi ya hidrokloriki iliwekwa kwenye bureti, bomba refu la kioo lenye mistari ya ujazo na koki chini. Sodiamu kaboneti isiyo na maji, gramu 5.3 katika lita moja, ilipimwa kwa pipeti ya 25 cm³ na kutiwa kwenye flaski, kisha matone mawili au matatu ya kiashiria cha methili oranji. Mmenyuko wenyewe ni huu:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kuwekwa wazi mapema, kwa sababu kila kosa litakalotajwa hapa chini linasomwa dhidi yake. Gramu 5.3 za sodiamu kaboneti ni moli 0.05, kwa hiyo 25 cm³ za myeyusho huo zina moli 0.00125. Kila moli inahitaji moli mbili za asidi, yaani moli 0.0025. Kama asidi ni 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, bureti itashuka kwa 25.00 cm³.

Wanafunzi walipewa mwongozo wiki moja kabla na kuambiwa wausome. Wengi waliusoma kwa mara ya kwanza wakiwa mezani, bureti tayari mkononi. Karibu nusu ya muda iliisha kabla meza nyingi hazijapata hata usomaji wa kwanza, na mwishoni meza chache tu zilikuwa na majibu matatu yaliyotofautiana kwa si zaidi ya 0.2 cm³, kama mwongozo ulivyotaka.

Mwalimu wa Kemia na fundi wa maabara waliamua kugeuza mwongozo ule kuwa vitu viwili: kwizi fupi ya kufanywa kabla ya kuingia, na orodha ya maandalizi ambayo kila mwanafunzi angekuja nayo. Neno "kwizi" lilichaguliwa kwa makusudi. "Jaribio" lingechanganya, maana shuleni linabeba maana mbili, la kuandika na la maabara, na tangazo la "jaribio kesho" lingeeleweka kila mtu kivyake.

Toleo la kwanza na jinsi lilivyoshindwa

Toleo la kwanza lilitengenezwa kwa njia ambayo karibu kila mwalimu angeanza nayo. Hatua za mwongozo zilichukuliwa moja baada ya nyingine na kila moja ikageuzwa swali au mawili. Hatua iliyosema "tia matone mawili hadi matatu ya kiashiria" ikawa "Unatia matone mangapi ya kiashiria?" Hatua iliyotaja pipeti ikawa "Pipeti ina ujazo gani?" Yakapatikana maswali 15. Orodha ya maandalizi nayo ikawa nakala ya orodha ya vifaa, pamoja na mistari ya kawaida ya usalama: koti la maabara, miwani ya kinga, viatu vilivyofunika vidole.

Kwizi ilifanyika mlangoni na kusahihishwa papo hapo. Karibu wote walipata alama za juu, kisha wakaingia na kufanya makosa yaleyale ya mwaka uliotangulia.

Mazungumzo mafupi kwenye meza moja yalionyesha kilichokuwa kikiendelea. Mwanafunzi aliinua mkono: "Mwalimu, sisi tumefuata kila kitu, mbona majibu yetu hayafanani?"

"Bureti mmeisuuza?"

"Tumeisuuza, Mwalimu. Hata kwenye kwizi niliandika inasuuzwa."

"Mmeisuuza kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

"Halafu?"

"Halafu tukajaza asidi."

Mwanafunzi yule alikuwa amejibu kwizi sawasawa. Swali liliuliza "Bureti inafanywa nini kabla ya kujazwa?" na jibu lake, "inasuuzwa", ndilo lililokuwa kwenye mwongozo. Hatua ya tano ya mwongozo ilisema tu "suuza bureti na uijaze asidi". Aliyeiandika alijua kwamba baada ya maji lazima bureti isuuzwe kwa asidi yenyewe, tena asidi hiyo ipitishwe kwenye bomba la chini na kumwagwa. Kwake jambo hilo lilikuwa wazi kiasi cha kutohitaji kuandikwa. Kwizi iliyonakiliwa kutoka kwenye sentensi ile ilirithi pengo lake.

Kurudi kwenye madaftari

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi uliobadilisha kazi yote. Mwalimu aliweka mwongozo kando, akachukua madaftari ya praktiko ya mwaka uliotangulia na kusoma safu za usomaji wa bureti, meza kwa meza. Swali lake lilikuwa moja: namba hizi zimeharibikaje?

Namba za titresheni zinasema mengi kwa anayejua kuzisoma. Mfano wa kwanza ni wa bureti iliyosuuzwa kwa maji tu. Tuseme zimebaki 3 cm³ za maji kwenye bureti ya 50 cm³, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Asidi ya 0.1 M inakuwa 0.094 M, na badala ya 25.00 inahitajika karibu 26.60. Mwanafunzi anapoijaza tena bureti kwa asidi safi, ile iliyopunguzwa nguvu inachanganyika na nzuri, na jibu la pili linashuka hadi karibu 25.70, la tatu 25.35, la nne 25.15. Namba zinashuka ngazi kwa ngazi kuelekea penye ukweli bila kufika. Zaidi ya hapo, jibu baya kuliko yote linaangukia kwenye titresheni ya kwanza, ile ya kukadiria, ambayo kila mtu anategemea iwe juu kidogo. Kwa hiyo hakuna anayeishuku. Mwanafunzi anaona matatu yanayofuata hayafanani na anadhani macho yake ndiyo mabovu.

Mfano wa pili ni kinyume chake: flaski iliyosuuzwa kwa sodiamu kaboneti. Mwanafunzi amesikia kwamba chombo husuuzwa kwa kile kitakachowekwa ndani yake, naye anaifuata kanuni hiyo hadi kwenye flaski, ambako haitakiwi. Flaski husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Kinachopimwa pale ni idadi ya moli zilizoletwa na pipeti, na maji yaliyobaki ndani hayaongezi moli wala hayapunguzi. Besi iliyobaki ukutani inaongeza. Kwa ukolezi huu, kila 1 cm³ ya besi iliyosalia inadai 1 cm³ zaidi ya asidi. Namba zake huwa juu zote lakini bila mpangilio, kwa mfano 25.40, 25.90, 25.55, kwa kuwa kila mara kilichobaki ni tofauti.

Wa tatu ni hewa iliyonaswa chini ya koki ya bureti. Hapo jibu moja tu, la kwanza, linakuwa juu, kwa sababu sehemu ya asidi iliyohesabiwa ilikwenda kuijaza nafasi ile na haikufika kwenye flaski. Na wa nne, uliojitokeza kwenye meza mbili tu, ni majibu yanayozunguka 12.50, nusu kamili ya yanayotakiwa. Hao walichukua chupa ya fenolfthalini, ambayo wanafunzi huiita POP, badala ya methili oranji. Kwa POP rangi hupotea pale kaboneti inapogeuka kuwa haidrojeni kaboneti, yaani nusu ya safari.

Baada ya kusoma madaftari yote, makosa yaliyojirudia yalikuwa machache na yenye sura zinazotambulika. Kosa la bureti na la flaski ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa. Wakati huo fundi wa maabara alipitia hatua 14 za mwongozo na kuandika herufi pembeni ya kila sentensi: T kwa tendo, V kwa kifaa, H kwa hatari, S kwa sababu. Ukurasa ulijaa T na V. Palikuwa na S moja tu, iliyoeleza kwa nini kigae cheupe kinawekwa chini ya flaski. Penye makosa yote makubwa hapakuwa na S hata moja.

Toleo la pili la kwizi

Maswali yakapunguzwa kutoka 15 hadi 5. Sharti la swali kuingia lilikuwa kwamba liulize uamuzi ambao mwanafunzi ataufanya mezani, na kwamba akiukosea, kosa halionekani kwa macho wakati huohuo. "Pipeti ina ujazo gani" liliondoka, kwa kuwa namba imechapwa kwenye pipeti yenyewe. Kwizi iliyobaki ni hii:

1. Umesuuza bureti kwa maji yaliyokenekwa na kuyamwaga. Eleza kinachofuata kabla hujaijaza asidi, na taja asidi hiyo ya kusuuzia inatokea wapi inapomwagwa, juu au chini.
2. Flaski yako ina matone ya maji yaliyokenekwa ndani. Mwenzako anataka kuisuuza kwa sodiamu kaboneti. Unakubali au unakataa? Toa sababu kwa kutumia neno "moli".
3. Kundi moja lilitumia pipeti ya 20 cm³. Baada ya titresheni ya kukadiria lilipata 20.70, kisha 20.40, kisha 20.25. Kosa gani linawezekana zaidi, na lilifanyika lini?
4. Umetia tone la asidi, rangi ikawa ya chungwa. Ukatikisa flaski, ikarudi njano. Unasoma bureti au unaendelea? Ukiendelea, kwa kasi gani?
5. Asidi imerukia jicho la mwenzako. Taja jambo la kwanza unalofanya, na useme bomba la maji lililo karibu na meza yako liko upande gani.

Swali la tatu ndilo lililochukua muda mrefu kutunga na ndilo lililofundisha kuliko mengine. Mwanafunzi hawezi kulinakili kutoka popote. Inabidi aone kwamba namba zinashuka, ajiulize ni kitu gani kinachobadilika kila bureti inapojazwa upya, na arudi hadi kwenye kusuuza. Walioshindwa kulijibu waliandika "hawakusoma vizuri bureti", jibu ambalo mwanafunzi hulitoa kwa kosa lolote asilolijua. Maelezo ya baada ya kwizi yalielekezwa hapo: kosa la macho hutawanya namba juu na chini, haliziteremshi kwa mpangilio.

Swali la tano limeandikwa hivyo kwa sababu "osha kwa maji mengi" ni jibu la kukariri. Upande lilipo bomba ni jambo ambalo mtu hulijua kwa kuwahi kutazama.

Orodha ya maandalizi

Orodha ya kwanza ilikuwa imezaa tatizo ambalo halikutarajiwa. Mstari wa miwani ya kinga ulikuwa na alama ya vema kwenye kila karatasi, ilhali shule nzima ilikuwa na miwani sita. Wanafunzi hawakuwa wakorofi. Walipewa karatasi yenye visanduku na wakajaza visanduku. Lakini ukishaweka alama ya uongo kwenye mstari wa tatu, mstari wa nane nao hauna uzito tena, na orodha yote inakuwa mapambo.

Ikaamuliwa kwamba mstari utabaki kwenye orodha ya mwanafunzi kama tu unatimiza masharti mawili: jambo hilo liko ndani ya uwezo wake, na linaweza kuonyeshwa kwa kidole mbele ya mtu mwingine. Suala la miwani lilihamia kwenye orodha ya fundi wa maabara, ambaye aliipeleka ile sita kwenye meza ya kumiminia asidi, kwa yeyote atakayekuwa anajaza bureti kwa wakati huo. Bureti ilishushwa kwenye stendi hadi mdomo wake ukawa chini ya usawa wa macho, kisha ikajazwa kwa faneli. Hilo haliondoi hitaji la miwani kwa kila mmoja. Ndicho kilichowezekana kwa vifaa vilivyokuwapo, na ombi la kununua nyingine liliandikwa siku hiyohiyo.

Orodha ya mwanafunzi ikabaki na mistari sita. Jedwali la usomaji limechorwa kwenye daftari, likiwa na nafasi ya usomaji wa mwisho, wa mwanzo na ujazo uliotumika, kwa titresheni moja ya kukadiria na tatu kamili. Mlinganyo umesawazishwa na kuandikwa juu ya jedwali. Moli za sodiamu kaboneti kwenye pipeti moja zimekokotolewa. Mchoro mdogo wa bureti umewekwa, ukionyesha jicho likiwa usawa wa chini ya mbonyeo wa kimiminika. Kazi zimegawanywa kwa majina: nani anashika koki, nani anatikisa flaski, nani anaandika. Mwisho, nywele ndefu zimefungwa na viatu vimefunika vidole.

Mstari wa mgawanyo wa kazi ulionekana mdogo, ila ndio uliookoa dakika nyingi. Meza nyingi zilikuwa zikipoteza muda wa mwanzo kwa watu watatu kugombania bureti moja huku pipeti ikiwa haina mwenyewe.

Mlangoni

Kanuni ya mwanzo ilikuwa kali: aliyepata chini ya maswali matatu haingii. Siku ya kwanza wanafunzi tisa walibaki nje na mwongozo mkononi. Waliukosa usomaji wote, na praktiko haikurudiwa kwa sababu asidi na muda havikutosha. Wengi wao walikuwa walewale ambao Kiingereza cha mwongozo kiliwasumbua, yaani waliohitaji maabara kuliko wenzao. Mwalimu aliifuta kanuni hiyo baada ya siku moja, na kwa maoni yetu alifanya vema. Kumnyima mwanafunzi vitendo kwa sababu hajui vitendo ni kumwongezea pengo lilelile.

Muda nao ulikuwa tatizo. Kugawa karatasi, kujibu na kusahihisha mlangoni kulikula dakika 15 kati ya 80. Kwizi ilihamishwa hadi dakika kumi za mwisho za kipindi cha nadharia cha siku iliyotangulia, kwenye nusu karatasi. Mwalimu alizisahihisha jioni, na hakuandika alama. Aliandika namba ya swali lililokosewa pekee. Wakati wa prepu wanafunzi walizirudia wakiwa na mwongozo na madaftari yao, wakiruhusiwa kuulizana kwa Kiswahili.

Mlangoni yakabaki mambo mawili: kiongozi wa meza anaonyesha jedwali lililochorwa, na mwanafunzi mmoja wa meza hiyo, aliyechaguliwa na mwalimu, anajibu kwa mdomo swali la kwanza au la tano. Akikosa, meza yote inaingia, lakini fundi anasimama nao wanaposuuza bureti na kuwauliza tena palepale. Usalama wa macho pekee ndio uliobaki sharti la kuingia, na hapo jibu lilisahihishwa mlangoni na kurudiwa hadi likae.

Yaliyotokea

Mkondo wa kwanza uliotumia toleo la pili ulipata usomaji wa kukadiria mapema zaidi kuliko awali, kwenye meza nyingi ndani ya dakika 20 za mwanzo. Namba zinazoshuka kwa ngazi zilionekana kwenye meza moja tu, na wenye meza hiyo waliligundua kosa wenyewe, wakamwaga asidi, wakasuuza upya na kuanza tena. Muda uliwatosha.

Kisha ikaja habari mbaya kutoka mkondo wa pili. Meza saba kati ya 12 ziliandika 25.00, 25.00 na 25.00. Hakuna bureti ya shule inayotoa hivyo kwenye meza saba. Orodha ya maandalizi ilikuwa imewafanya wakokotoe moli za besi kwa ukolezi halisi, na mkondo wa kwanza ulikuwa umewaambia kwamba asidi ni 0.1 M. Jibu lilijulikana kabla bureti haijajazwa. Wanafunzi wakapika majibu. Wengine walikuwa na namba nzuri kabisa, kama 24.90 na 25.05, wakazifuta na kuandika 25.00.

Kosa hili lilikuwa la watunzi wa maandalizi. Walipomwomba mwanafunzi aje na hesabu tayari, walimpa pia kioo cha kutazamia jibu. Marekebisho yalikuwa matatu. Fundi alianza kubadilisha ukolezi wa asidi kidogo kati ya mkondo na mkondo, mara 0.096 M, mara 0.104 M, na kuuandika kwenye daftari lake tu. Kwa asidi ya 0.096 M jibu linakuwa karibu 26.05, kwa ya 0.104 M karibu 24.05, hivyo namba ya kuambiwa na mkondo mwingine inajulikana mara moja. Kwenye orodha, hesabu ya moli ilibadilishwa itumie ukolezi wa kubuni, ili mwanafunzi afanye mazoezi ya njia bila kupata namba ya siku hiyo. Na alama za praktiko ziligawanywa upya: nusu kwa majibu matatu kukaribiana na nusu kwa kukaribia thamani ya fundi, huku usomaji wowote usioishia na 0 au 5 kwenye nafasi ya pili ya desimali ukirudishwa, kwa kuwa bureti yenye mistari ya 0.1 cm³ husomwa kwa hatua za 0.05.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hapa ni chanzo cha maswali. Mwongozo ulieleza njia iliyonyooka, nayo madaftari yalionyesha mahali watu wanapopotea. Maswali matano yaliyotoka kwenye makosa yalifanya kazi kubwa kuliko 15 yaliyotoka kwenye hatua, na yalichukua muda mfupi zaidi. Shule isiyo na madaftari ya zamani inaweza kupata kitu kinachokaribia hicho kwa kumwacha fundi afanye titresheni mara nne akikosea kwa makusudi, kosa moja kila mara, na kuandika namba zinazotoka. Ni kazi ya alasiri moja na nusu lita ya asidi.

Kilichosaidia pili ni kutenganisha kwizi na orodha kwa kazi zake. Kwizi ilibeba maamuzi, orodha ikabeba vitu vya kuonyesha. Katika toleo la kwanza vilichanganyika: kwizi iliuliza vifaa, na orodha ilikuwa na mstari usemao "naelewa jinsi ya kusuuza bureti", ambao mtu yeyote huuwekea vema.

Mwongozo wenyewe nao ulihitaji kurekebishwa, jambo lililochelewa kuonekana. Kwa wiki mbili kwizi ilikuwa ikisema kitu kimoja na hatua ya tano ikisema kingine, na mwanafunzi mwangalifu aliyefuata maandishi alikosea kwa utiifu wake. Hatua hiyo sasa inasomeka: "Suuza bureti kwa maji yaliyokenekwa, umwage, isuuze kwa 5 cm³ za asidi mara mbili, ukizimwaga kupitia koki, ijaze, ondoa faneli, fungua koki kwa ghafla hadi hewa yote itoke chini, kisha soma." Kuondoa faneli kumeingia kwa sababu tone lililosalia ndani yake likidondoka katikati ya titresheni, usomaji unakuwa mdogo kuliko asidi iliyotumika kweli.

Kosa moja halikupungua hata kidogo: kupitiliza mwisho. Wanafunzi waliojibu swali la nne vizuri kabisa bado walimimina asidi hadi flaski ikawa nyekundu ya waridi. Wanajua kwamba methili oranji inatoka njano kwenda chungwa, lakini hawajawahi kuiona chungwa hiyo ikisimama, na maneno hayawezi kumpa mtu rangi. Fundi sasa huandaa flaski tatu kabla ya kila kipindi na kuziweka juu ya kigae cheupe mbele ya maabara: moja ya njano, moja iliyosimamishwa kwenye chungwa, moja iliyopitilizwa kwa tone au mawili. Ile ya kati lazima iandaliwe asubuhi hiyohiyo na kuzibwa. Kila meza huleta flaski yake ya kukadiria na kuilinganisha nazo kabla ya kuanza titresheni kamili ya kwanza.